Pale Ulimi Ulipojikwaa

Darasa la tatu nimelifundisha mpaka limenichosha, na sitaki kumdanganya mtu kwamba nililipenda. Lakini ni humo nilimopata njia yangu ya kutunga. Mtoto akisimama kusoma kwa sauti, mimi nilikaa na kitabu changu na penseli, na kila alipojikwaa niliweka nukta palepale bila kumkatiza. Mwanzoni nilidhani nahesabu udhaifu wa watoto. Siku moja nikafungua ukurasa fulani nikakuta nukta zimerundikana juu ya sentensi moja kama nzi kwenye embe. Darasa zima, wenye akili na wazembe, walikuwa wameanguka hapohapo. Nikaisoma mwenyewe kwa sauti, nikaanguka na mimi. Tangu siku ile sikumgombeza tena mtoto kwa sentensi hiyo, maana mwenye kosa alikuwa yule aliyeiandika.

Wakati huo nilikuwa nawaandikia kwaya ya kanisa letu maneno ya nyimbo. Sauti ya kuimba sina, na sijawahi kujidai ninayo. Nikiimba hata kuku wanahama. Kwenye kwaya nilisimama mstari wa nyuma kabisa nikichezesha midomo, na wote walijua, na hakuna aliyenisema, kwa sababu maneno ya Pasaka, ya harusi, ya misiba na ya kumpokea askofu yalitoka kwangu. Nikaanza kuyapima maneno yangu kama nilivyokuwa nawapima watoto.

Nasoma nikiwa nimesimama, kwa sauti ya kusikika. Kunong'ona hakufai, maana mnong'ono hauli pumzi. Nasoma bila tuni, kwa kuwa tuni ni mjanja: inavuta silabi hapa, inameza nyingine pale, na mstari mbovu unapita umejificha humo. Mara ya kwanza nasoma kwa mwendo wa kuzungumza. Mara ya pili nagonga mguu taratibu, kwa mwendo ambao kwaya itaimba, mistari miwili kwa pumzi moja. Nikijikwaa sisimami kurekebisha. Naweka alama naendelea mpaka mwisho. Nukta ni pale ulimi ulipogonga herufi. Kijistari ni pale pumzi ilipokata kabla ya wakati. Duara ni kwa jambo gumu kulieleza: maneno ni mepesi, mizani imetimia, na bado sauti inasita.

Kesho yake nanakili upya kwenye karatasi isiyo na alama, nasoma tena, kwa sababu jicho likiiona alama ya jana litauonya ulimi na ulimi utaruka. Alama iliyotokea mara moja naisamehe, pengine nilikuwa na njaa. Iliyorudi palepale, mstari unavunjwa. Na ukishauvunja unaanza kusoma tangu juu, maana mara nyingi kosa huwa halijaondoka, limehamia mstari wa chini. Hivyo hivyo, siku kwa siku, mpaka nisome mara tatu mfululizo bila penseli kugusa karatasi. Hapo ndipo namwonyesha mtu. Kabla ya hapo haoni mtu, hata mchungaji. Niliwahi kuwapa kwaya wimbo haujaiva, wakauimba Jumapili mbili, na nilipoleta maneno yaliyosahihishwa walinitazama kama nimewaletea wageni ndani ya nyumba. Neno likishazoea midomo ya watu, huwezi kulitoa.

Hapa Kilosa naishi nyumba ya kupanga, si mbali na reli. Vyumba vitano, korido katikati, mabati juu, dari hakuna. Kuta zinaishia usawa wa mtu aliyenyoosha mkono, juu yake ni wazi. Jirani akikaanga kitunguu, machozi yanakutoka wewe. Ukikohoa, pole zinatoka vyumba vitatu. Chumba kilichopakana na changu alipanga mwanamke niliyempita kama miaka kumi, muuza dagaa na mchele sokoni, na ndiye aliyekuwa mwimbishaji wa kwaya yetu. Aliniita dada mwalimu, mimi nikamwita mdogo wangu. Sauti aliyokuwa nayo sijaisikia kwa mtu mwingine wilaya hii, na nalisema hilo leo nikiwa nimemkasirikia. Maneno yangu yalikuwa yake kuyaimba. Kwa miaka sita tulifanya kazi hivyo: mimi nampa karatasi safi, yeye anaitazama dakika mbili, anafumba macho, na wimbo unatoka umevaa tuni aliyoitoa anakojua mwenyewe.

Nilisoma mchana, nikitoka shule, saa ambayo wapangaji wengi wako sokoni au shambani. Mvua ikinyesha niliacha, kwa sababu mabati yalizima sauti na sikuweza kujisikia nikijikwaa. Yeye mara nyingi alikuwa amesharudi, anapepeta mchele wake upande wa pili wa ukuta. Nilikuwa nasikia ungo. Mara nyingine nikimaliza alisema kwa juu, "Pole na kazi, dada mwalimu. Leo umeanguka mara ngapi?" Nikamjibu, "Mara tisa, mdogo wangu." Tukacheka. Nilijua kuta hazifiki juu, ningekosaje kujua? Lakini kichwani mwangu kumwonyesha mtu wimbo maana yake ilikuwa kumpa karatasi. Kusoma kwa sauti nilikuhesabu kama kufua au kupika, kazi ya ndani ya chumba changu. Huo ndio ujinga wangu, na nauandika mwenyewe kabla mwingine hajaniandikia.

Mama yangu alifariki huko kwetu milimani. Alikuwa mkulima wa maharage. Kabla ya mimi kwenda shule ya bweni, na miaka yote niliyokuwa huko, alikuwa anashuka kwa miguu na mzigo wake kichwani mpaka soko la Kilosa, anauza, ananunua madaftari na kalamu, anapanda tena. Kusoma hakujua. Alikuwa ananunua daftari la hesabu badala ya la mistari, na mimi nilikuwa namnunia. Nilimnunia mpaka nikiwa msichana mkubwa. Nilipopata ualimu nikawaambia wenzangu chuoni kwamba mama yangu alisoma mpaka darasa la nne, ndipo ndugu zake wakamtoa. Sijui kwa nini nilisema uongo ule. Ninajua, niliona aibu.

Kwetu tunaweka msalaba kaburini baada ya mwaka. Watu wanakusanyika, kuna ibada, kuna chakula, na kwaya inaimba. Niliahidi ndani ya moyo wangu kwamba siku ile utaimbwa wimbo wa mama yangu, usioimbiwa mtu mwingine kabla yake. Sikumwambia mtu. Nilikuwa nimewaandikia maiti za watu wengine tenzi ndefu ndefu, na siku ya mazishi ya mama yangu mwenyewe kalamu ilikataa, tukaimba za kitabuni. Kwa hiyo wimbo huu ulikuwa deni langu kwake, na sikuwa na njia nyingine ya kumwomba msamaha.

Ubeti wa kwanza, mizani nane kila mstari, ulikuja hivi:

Ulishuka mlimani
na maharage kichwani,
ukarudi na kalamu,
mwenye elimu ya moyo.

Na kiitikio kikaanza: "Nikikukumbuka kila kukicha, naona mgongo wako." Mgongo, kwa sababu ndicho nilichokuwa nakiona kila alipoondoka kushuka sokoni.

Nikasimama, nikausoma wimbo. Nukta juu ya "nikikukumbuka". Kijistari katikati ya neno hilohilo, kwa sababu mstari una mizani kumi na moja, na kwa mwendo wa mguu wangu pumzi ilikatika kabla sijaufikisha mgongo. Kesho yake palepale. Keshokutwa palepale. Kulikuwa na sehemu saba za namna hiyo katika wimbo mzima, lakini hii ndiyo iliyonisumbua, maana nilikuwa nalipenda lile "kila kukicha" na sikutaka kuliachia. Nilihangaika nayo wiki nzima. Kila siku sauti yangu ilifika "nikikuku", ikakwama, ikameza mate, ikaendelea na "mbuka". Upande wa pili ungo ulikuwa unapepeta.

Halafu palikuwa na duara. "Mwenye elimu ya moyo" unatiririka mdomoni, hauna kasoro kwa ulimi wala kwa pumzi, na kila nikiufikia nilisita kidogo, kana kwamba kuna mtu ameingia chumbani. Niliweka duara siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Sikutaka kuelewa. Watu wangeusikia mstari ule wangesema amina.

Katikati ya kazi hiyo jirani yangu alikuja kuniaga. Mama yake, anayekaa Mikumi, alikuwa ameteguka nyonga, na yeye anakwenda kumuuguza. Nikamsindikiza stendi nimembebea mfuko. Akanikumbatia akasema, "Wimbo wako utaisha lini, dada mwalimu?" Nikamwambia ukiisha atakuwa wa kwanza kuushika mkononi. Nakumbuka nilimwambia hivyo kwa furaha.

Baada ya yeye kuondoka ndipo wimbo ulipokubali. Nililiachia "kila kukicha". Nikaandika, "Kukipambazuka, mama, naona mgongo wako," mizani nane juu na nane chini, na pumzi ikabaki. Nyingine sita zikafuata moja baada ya nyingine. Lile duara liliondoka siku ya mwisho, Jumamosi mchana. Nilisimama, nikagonga mguu, na nilipofika pale mdomo wangu ukasema kitu ambacho mkono ulikuwa haujakiandika: "usiyejua kusoma."

Ulishuka mlimani
na maharage kichwani,
ukarudi na kalamu,
usiyejua kusoma.

Nilikaa kitandani nikalia kwa sauti, na hakuna mtu wa kuniambia pole. Kisha nikasoma wimbo wote mara tatu. Penseli haikugusa karatasi.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mazoezini na nakala safi ndani ya Biblia. Ulikuwa umebaki mwezi na kitu kabla ya msalaba. Niliingia nimevaa vizuri, nakiri, kama mtu anayekwenda kupokea cheti. Kiongozi wa kwaya, mzee wa kanisa ambaye pia ni karani ofisini mjini, alikuwa ameshika simu yake juu na wenzangu wamemzunguka.

"Mwalimu, njoo, njoo usikie," akasema. "Binti yetu kaingia studio kule Mikumi. Sasa sisi ni watu wakubwa."

Akabonyeza. Kinanda kikaanza, kisha ile sauti. Ulishuka mlimani. Na maharage kichwani.

Kwanza nilifurahi. Naona aibu kuliandika hilo, lakini kwa muda mfupi nilifurahi tu, kwa sababu sikuwa nimewahi kuyasikia maneno yale yakiimbwa, na yalikuwa mazuri. Kisha akafika kwenye kiitikio. "Nikikuku," akaimba, akakwama, akameza mate, akavuta pumzi, akaendelea, "mbuka kila kukicha." Palepale. Alikuwa amejifunza wimbo pamoja na kujikwaa kwangu, kusita kwa kusita. Wanawake wa sauti ya kwanza wakaguna kwa uchungu. Mmoja akafuta macho kwa khanga.

"Hapo," kiongozi akasema, ameinua kidole. "Hapo kwikwi inamshika. Hapo ndipo anaponimaliza."

Nikasema, "Huo wimbo ni wangu."

Wakageuka wote. Kiongozi akatabasamu, akasema, "Ndiyo, Mwalimu, ametuambia ulimsaidia kusahihisha maneno. Anakushukuru sana."

Jumatatu niliomba ruhusa shuleni nikapanda gari la asubuhi kwenda Mikumi. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na mengine hayafai kuandikwa na mwalimu. Nilimkuta nyumbani kwa mama yake, nyuma ya gereji za malori ya barabara kuu, lakini aliyenipokea ni mama mwenyewe, amekaa kwenye kiti cha plastiki ameegemeza fimbo.

"Shikamoo mama," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye mwalimu? Karibu, karibu. Mwanangu hakosi kukutaja." Akamwita binti yake alete chai, kisha akanivuta mkono akaniinamia. "Umeusikia wimbo wangu?"

Nikasema nimeusikia.

"Watu wanaliliwa wakishakufa. Mimi mwanangu amenililia niko hai." Akacheka, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Mimi hata maharage sijawahi kulima, mwanangu, nilikuwa napika kwenye hoteli za madereva hapa. Lakini nyimbo ndivyo zilivyo, si ndiyo?"

Nikasema ndiyo, mama. Nilikunywa chai yote, na maandazi mawili. Nilimsubiri binti mpaka aliponisindikiza nje, na hata hapo niliongea kwa sauti ya chini, kwa sababu ya yule mama.

"Mdogo wangu, umenifanyia nini?"

Hakukana. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba hakuhangaika hata kukana.

"Dada mwalimu, mimi nilikuwa nausikia kila siku. Mwezi mzima. Nikilala unaniimbia kichwani. Tuni nimetoa mimi. Ule mguu wako, tu, tu, tu, ndiyo ngoma yake. Nimefika hapa mama anaugua, nikawa namwimbia. Jirani akasikia, ana studio yake. Mambo yakaenda."

"Ulikuwa haujaisha. Sikuwa nimekuonyesha."

"Hukunionyesha, lakini ulinisomea. Si ulikuwa unasoma kwa sauti? Ungetaka iwe siri ungesoma kimoyomoyo."

"Siwezi kusikia makosa kimoyomoyo."

"Makosa gani?" Akanitazama kwa mshangao wa kweli, na nikaona kwamba hajui. "Hauna makosa. Watu wanalia."

Nikamwambia ule wimbo ni wa mama yangu, wa msalaba wake. Akaangalia malori. Kisha akasema, polepole, kwamba hilo hakulijua, kwamba mimi sikusema ni wa nani, na kwamba sasa atamwambia nini mama yake? Nikageuza mgongo nikaenda zangu. Tuni ilikuwa yake, hapo hakusema uongo, na bila tuni yake maneno yangu yangekuwa karatasi tu. Lakini naye alikuwa na mama hai wa kumwandikia wimbo wake mwenyewe, hotelini, kwenye masufuria, na hakumwandikia.

Nilikuwa nimebakiza kitu kimoja, na nilikiamini: karatasi. Zile za rasimu zote nilikuwa nazo, zenye nukta na vijistari na duara. Jioni ya Jumatano nilizipeleka nyumbani kwa kiongozi wa kwaya. Nikazitandaza mezani. Nikamwomba aweke wimbo simuni na afuatishe kwa kidole. Nilitaka aone kwamba kila anapokwama yule binti, pana alama yangu. Kwangu hakukuwa na ushahidi mkubwa kuliko huo. Angewezaje kukwama palepale mara zote saba, kama hakujifunza kwangu?

Alifuatisha. Ni mtu wa ofisini, anajua kusoma makaratasi. Sehemu ya kwanza, alama. Ya pili, alama. Kiitikio, nukta na kijistari. Alipofika mwisho akavua miwani.

"Mwalimu," akasema kwa upole, "hizi alama zinafuata rekodi."

"Ndivyo ninavyokuambia, mzee."

"Hapana. Akivuta pumzi, wewe umeweka kijistari. Akikwama, nukta. Mtu anayeandika maneno kutoka kwenye simu ndivyo anavyofanya. Anasikiliza, anasimamisha, anaweka alama pale aliposimamia."

Nikamweleza njia yangu yote, tangu watoto wa darasa la tatu. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwenyewe nikitoa hadithi ya mtu aliyebanwa. Akaniuliza nani aliwahi kuziona karatasi hizi kabla. Hakuna. Ndiyo kanuni yangu, haoni mtu. Akauliza tarehe ziko wapi. Nikaangalia. Mimi niliyewasimamisha watoto wa watu mbele ya darasa kwa kusahau tarehe kwenye daftari, sikuwa nimeandika tarehe hata moja.

"Na hii nyingine," akasema, ameinua nakala safi, "haifanani na rekodi. 'Kukipambazuka.' 'Usiyejua kusoma.' Hapa ni kama mtu amebadilisha wimbo wa mwenzake uonekane wake. Na umeuharibu, Mwalimu, samahani. Kwikwi imetoka. Halafu utamwimbiaje marehemu kwamba hakujua kusoma? Hayo ni maneno ya kumvunjia mtu heshima."

Sina hakika kama aliamini alichokisema. Kwaya ilikuwa imealikwa Mikumi kurekodi nyuma ya yule binti, na mtu anayesubiri safari haulizi sana njia. Akanirudishia karatasi zimepangwa vizuri. Akaniambia tusigombanishe nyumba ya Mungu. Alinisindikiza mpaka barabarani kwa adabu zote, na nilitamani anitukane.

Wiki ile wimbo ukaenea. Ulikuwa kwenye bodaboda, kwenye vibanda vya kuchaji simu, kwenye harusi, ndiyo, hata kwenye harusi. Wanafunzi wangu waliuimba mapumziko, na walipofika kwenye "nikikuku" wote walikwama kwa pamoja, wakavuta pumzi kwa vituko, wakacheka. Makosa yangu yakawa fasheni. Nilisimama dirishani na chaki mkononi nikawachukia, watoto wale wasio na hatia, na hilo pia nalisema.

Siku ya msalaba tulipanda milimani asubuhi. Kwaya ilikuja karibu yote, na nashukuru kwa hilo. Yule binti hakuja, alituma salamu na kilo kumi za mchele. Kabla ya ibada nilimwomba kiongozi, mbali na watu, waimbe nakala yangu, mara moja tu, hapa ambapo hakuna wa kurekodi. Akasema wenzake hawaijui, hawajaifanyia mazoezi, itakuwa fedheha kaburini. Alikuwa sahihi, na hilo lilinichoma zaidi. Akawatangazia watu kwamba wimbo huu ni wa dada yetu aliyeko Mikumi, na mwimbishaji mpya, msichana anayemwiga mwenzake mpaka namna ya kuinamisha shingo, akaanza.

Ulishuka mlimani na maharage kichwani. Wazee wa kwetu waliinua nyuso. Wote walimjua mama akishuka njia ile. Kisha "mwenye elimu ya moyo," na nikasikia sauti za amina, kama nilivyojua zitasikika. Kisha kiitikio, na pale pa kujikwaa kaburi zima likalia. Mimi peke yangu sikulia. Nilikuwa nimeshika Biblia kifuani na karatasi yangu imo ndani, na nilikuwa nagonga mguu bila kujua.

Wimbo ulipoisha, mama mdogo, mdogo wake mama yangu, aliyebaki peke yake katika tumbo lao, alinishika bega. Alinong'ona kwanza kwa lugha ya kwetu, kisha akasema kwa Kiswahili, ili na wanakwaya wasikie.

"Huyo dada wa Mikumi ni nani? Kama alimjua dada yangu!"

Kiongozi wa kwaya alikuwa hatua mbili kutoka pale. Aliniangalia. Wanakwaya waliniangalia. Ningefungua Biblia nikatoa karatasi, ningekuwa mwizi wa wimbo, na ningekuwa mwizi mbele ya kaburi la mama yangu, siku ya msalaba wake, ndugu wote wamekaa. Nikasema huenda alisimuliwa.

Mama mdogo akatikisa kichwa, akajifuta machozi kwa pindo la kitenge. Kisha akanigeukia vizuri, akanitazama kwa huruma.

"Mgeni kamwimbia," akasema. "Na wewe, mwanangu, unayeandikia watu wote nyimbo, mama yako mwaka mzima hukumwandikia hata neno moja?"

Nilimwambia sikupata nafasi.